Riba ya ovadrafti: kuihesabu upya siku kwa siku

Kwenye taarifa ya akaunti ya mwezi Juni 2025 kulikuwa na mstari mmoja: tarehe 30, riba ya ovadrafti, 6,475.07. Basi. Hakuna maelezo ya namba hiyo imetoka wapi, imehesabiwa juu ya kiasi gani, wala kwa siku ngapi. Ndivyo taarifa nyingi zilivyo, na watu wengi huutazama mstari huo kama wanavyotazama mvua: imenyesha, imenyesha.

Mimi ni mtunza vitabu, na kampuni ndogo niliyokuwa nikiifanyia kazi ilitaka kujua kama namba hiyo ni halali. Nitaieleza hesabu ile kama ilivyokwenda, pamoja na mahali nilipojikwaa. Kiasi nimekifanya cha namba nzima ili iwe rahisi kufuata, lakini mantiki sikuigusa.

Ovadrafti ni ruhusa ya benki ya kutoa fedha zaidi ya zilizomo kwenye akaunti, hadi kikomo fulani. Masharti ya ovadrafti yetu yalikuwa haya. Kikomo 600,000. Riba asilimia 18 kwa mwaka kwa deni lililo ndani ya kikomo. Deni likipita kikomo, asilimia 24. Riba inahesabiwa kila siku na kukatwa mwisho wa mwezi.

Jambo la kwanza ambalo mtu hulifanya ni kuchukua asilimia 18, kuigawa kwa 12, akapata asilimia moja na nusu kwa mwezi, kisha akaizidisha na salio fulani. Ila salio lipi? Mwezi uliisha tukiwa na deni la 250,000, na asilimia moja na nusu ya hapo ni 3,750. Katikati ya mwezi deni lilifika 700,000, na kwa kipimo kile kile riba ni 10,500. Namba ya benki imekaa katikati ya hizo mbili, na hilo halithibitishi chochote. Mkopo wa kawaida una kiasi kimoja kinachojulikana. Ovadrafti ina kiasi kipya karibu kila jioni. Kwa hiyo lazima uishughulikie jioni kwa jioni.

Kinachofanyika benki ni hiki. Siku ya kazi ikifungwa, mfumo unaangalia akaunti imelala na salio gani. Kama ni deni, deni hilo linazidishwa na riba ya mwaka na kugawanywa kwa idadi ya siku za mwaka. Matokeo yanawekwa pembeni, hayakatwi bado. Mwisho wa mwezi vijisehemu vyote vinajumlishwa na kutoka kama mstari mmoja. Kilichotokea saa nne asubuhi hakihesabiwi; kinachohesabiwa ni ulivyolala. Ukilala na deni la 570,000, usiku mmoja unakugharimu 570,000 × 18% ÷ 365, yaani 281.10.

Kutokana na hapo hesabu yote ni kazi ya kujua akaunti ililala vipi kila usiku. Na hapa ndipo taarifa ya benki inapokuwa adui kidogo, kwa sababu taarifa haiandikwi kwa siku. Inaandikwa kwa miamala. Siku isiyo na muamala haionekani kabisa, ilhali deni lilikuwapo na riba ilikuwa ikitembea. Jumamosi na Jumapili hazimo, lakini zinatozwa, kwa salio la Ijumaa. Kwa upande mwingine, siku yenye miamala mitano ina masalio matano, na manne kati yake hayana kazi kwetu.

Miamala ya mwezi ule, nikianzia na deni la 240,000 lililotoka Mei, ilikuwa hivi. Jumatatu tarehe 2 tulimlipa msambazaji 150,000. Ijumaa tarehe 6 mishahara, 180,000. Jumanne tarehe 10 malipo mengine ya 130,000, ambayo ndiyo yaliyotuvusha kikomo. Alhamisi tarehe 12 tuliweka hundi ya mteja ya 300,000. Ijumaa tarehe 20 zilitoka 200,000 asubuhi, na alasiri zikaingia 450,000. Tarehe 24 ziliingia 230,000, tukawa hatuna deni kwa siku mbili, tuna 80,000 zetu wenyewe. Tarehe 26 zikatoka 330,000.

Niliipakua taarifa kwenye Eksel. Ilikuja kama taarifa nyingi za mtandaoni zinavyokuja: ya mwisho juu, ya kwanza chini. Nikaipanga upya kwa tarehe, ya zamani juu, kisha kwa kila siku ya mwezi nikaamuru ichukuliwe salio la mstari wa mwisho wenye tarehe hiyo au ya nyuma yake. Nikapata jumla ya riba 6,113.42. Benki imekata 6,475.07. Tofauti ni kama 362, na nilikuwa tayari kuanza kuitafuta sababu ya hizo 362.

Bahati nzuri niliangalia tarehe 20 kwanza. Jedwali langu lilisema siku ile tulilala na deni la 600,000. Si kweli. Tulilala na 150,000, kwa sababu zile 450,000 ziliingia alasiri. Kumbe Eksel ikipanga kwa tarehe, mistari yenye tarehe moja inaiacha kwa mpangilio ilioukuta. Faili ilikuja ya mwisho ikiwa juu, kwa hiyo ndani ya tarehe 20 alasiri ilibaki juu na asubuhi ikabaki chini. “Mstari wa mwisho wa siku” ukawa ule wa asubuhi. Na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa na hakuna muamala hadi Jumanne, salio la uongo la 600,000 likadumu siku nne badala ya 150,000. Kosa hilo peke yake lilikuwa 450,000 × 4 × 18% ÷ 365, sawa na 887.67.

Nalisimulia kosa hili kwa sababu lilinisogeza karibu na namba ya benki. Hesabu mbovu ilitofautiana na benki kwa 362. Hesabu sahihi, kama utakavyoona, ilitofautiana nayo kwa zaidi ya elfu moja. Mtu anayetafuta kufanana na benki angeikumbatia ile mbovu.

Tangu siku hiyo sichukui tena salio lililochapwa. Najenga salio mwenyewe: nachukua salio la kuanzia, najumlisha miamala yote hadi siku ile, fedha zilizoingia zikiwa na alama ya kujumlisha na zilizotoka alama ya kutoa. Njia hii haijali mistari imepangwaje. Safu ya A ina tarehe zote 30, bila kuruka hata moja, na safu nyingine tatu ni hizi:

```
B3: =Mwanzo+SUMIFS(Kiasi,Tarehe,"<="&A3)
C3: =MAX(0,-B3)
D3: =(MIN(C3,600000)*18%+MAX(0,C3-600000)*24%)/365
```

`Mwanzo` ni salio la kuanzia, hapa -240000. `Kiasi` na `Tarehe` ni majina ya safu mbili za miamala. Safu ya C inabakiza deni tu: siku ambayo salio ni chanya inakuwa sifuri, kwa maana benki haikulipi riba kwa zile 80,000 wala haizitumii kupunguza deni la siku nyingine. Safu ya D inaligawa deni vipande viwili, lililo ndani ya kikomo na lililopita, na kila kipande kinapata riba yake.

Ukiibana orodha ya siku 30 kwa kuunganisha siku zenye salio moja, unapata hivi:

| Siku za Juni | Deni la jioni | Idadi ya siku | Deni × siku |
|---|---|---|---|
| 1 | 240,000 | 1 | 240,000 |
| 2–5 | 390,000 | 4 | 1,560,000 |
| 6–9 | 570,000 | 4 | 2,280,000 |
| 10–11 | 700,000 | 2 | 1,400,000 |
| 12–19 | 400,000 | 8 | 3,200,000 |
| 20–23 | 150,000 | 4 | 600,000 |
| 24–25 | hakuna | 2 | 0 |
| 26–30 | 250,000 | 5 | 1,250,000 |

Kabla ya kugusa riba, jumlisha safu ya siku. Lazima ifike 30. Ikifika 29 au 31 kuna usiku umeuacha au umeuhesabu mara mbili, na makosa ya aina hiyo hukaa kwenye mipaka, pale salio moja linapokabidhi kwa jingine. Kisha linganisha salio lako la mwisho na la benki kabla riba haijakatwa. Yakiwa hayalingani, miamala yako haijatimia na hakuna haja ya kuendelea.

Safu ya mwisho inajumlisha 10,530,000. Hiyo si fedha iliyowahi kuwapo. Ni deni likizidishwa na siku, na ndiyo namba muhimu kuliko zote katika kazi hii. Ndani yake 200,000 ni za siku mbili tulizopita kikomo kwa 100,000. Zinazobaki ni 10,330,000. Kwa asilimia 18, gawanya kwa 365, unapata 5,094.25. Zile 200,000 kwa asilimia 24 zinatoa 131.51. Jumla, nikikusanya senti zote kabla ya kukata, ni 5,225.75.

Benki: 6,475.07. Mimi: 5,225.75. Tofauti 1,249.32, karibu robo ya riba niliyoipata mimi.

Wengi wakifika hapa wanaandika barua ya hasira. Ni mapema mno. Tofauti ni dalili, bado haijawa kosa, na benki itakayopokea barua isemayo “mmetuzidishia 1,249.32” itajibu kwamba mfumo umehesabu kwa mujibu wa mkataba. Inabidi ujue tofauti hiyo imeundwa na nini.

Sababu ndogo unaziondoa kwa dakika chache. Ya kwanza ni ukataji wa senti. Kama benki inakata riba ya kila siku kwenye senti iliyo karibu, kila siku inaweza kupotoka kwa nusu senti, na kwa siku 30 haiwezi kuzidi senti 15. Kwa hiyo tofauti ya senti tisa haina hoja, na tofauti ya 1,249 haina uhusiano na senti. Ya pili ni idadi ya siku za mwaka. Wako wanaogawa kwa 365 na wako wanaogawa kwa 360. Mikopo mingi ya dola na yuro katika masoko ya fedha hutumia 360, ya pauni hutumia 365. Ukigawa kwa 360 riba yote inapanda kwa kiwango kimoja, takriban asilimia 1.39, na ile asilimia 18 ya kwenye karatasi inakuwa kama 18.25. Kwetu 5,225.75 ingepanda kwa 72 na ushei tu. Haifiki.

Kipo kipimo kingine ninachokipenda. Chukua riba ya benki uizidishe na 365, halafu na 360, uone ipi inarudi kwenye namba inayoeleweka. 6,475.07 × 365 ni 2,363,400.55. Ondoa vumbi la senti zilizokatwa, ni 2,363,400: namba safi, kama inavyopaswa kuwa pale masalio yote ni ya maelfu kamili. Ukizidisha na 360 unapata 2,331,025.20, ambayo haitokani na masalio yetu kwa njia yoyote. Benki inagawa kwa 365. Kipimo hiki ni kitamu kwa masalio ya mviringo kama haya. Akaunti yenye senti kila mstari haitakupa namba safi hivyo, na itabidi ujaribu njia zote mbili kwenye jedwali zima.

Zidisha na tofauti yenyewe: 1,249.32 × 365, bila vumbi, ni 456,000. Hii ndiyo niliyokaa nayo. Kuna kitu, au vitu, vilivyoongeza 456,000 juu ya hesabu yangu kabla ya kugawa kwa siku za mwaka.

Nikarudi kwenye taarifa, safari hii si kwenye faili niliyoipakua bali kwenye karatasi. Ina tarehe mbili. Moja ni ya siku muamala ulipoandikwa. Ya pili ni tarehe ya thamani, yaani siku ambayo benki inaanza kuihesabu fedha hiyo kwa ajili ya riba. Kwa karibu mistari yote tarehe hizo zilifanana, ndiyo maana macho yangu yalizizoea na kuacha kuziona. Kwenye mstari wa hundi hazikufanana: imeandikwa 12, thamani 16.

Hundi si fedha mpaka benki ya aliyeiandika ikubali kuilipa. Benki yako inaiandika kwenye akaunti siku uliyoiweka, salio linapanda, nawe unaliona limepanda. Lakini kwa hesabu ya riba fedha hiyo haijafika. Ikiva, ndipo inahesabiwa. Hundi yetu ilihitaji siku mbili za kazi. Iliwekwa Alhamisi, na siku mbili za kazi kutoka Alhamisi ni Jumatatu, kwa kuwa Jumamosi na Jumapili zimeingia katikati. Kwa macho ya benki, usiku wa tarehe 12, 13, 14 na 15 tulilala bado na deni la 700,000 badala ya 400,000.

Gharama yake: siku nne, kila siku 300,000 zaidi. Kati ya hizo 300,000, laki mbili zimo ndani ya kikomo na laki moja iko juu yake. Laki mbili kwa siku nne ni 800,000, kwa asilimia 18 ni 144,000. Laki moja kwa siku nne ni 400,000, kwa asilimia 24 ni 96,000. Pamoja 240,000, na ukigawa kwa 365 ni 657.53.

Hapo nusu kubwa ya tofauti imepata mwenyewe. Barua ya masharti, ukurasa wa tatu, ilisema wazi kwamba riba inahesabiwa juu ya salio la fedha zilizokwisha kupokelewa, si juu ya salio la daftari. Benki ilikuwa sahihi. Aliyekosea ni mimi, kwa kujaza safu ya `Tarehe` kwa tarehe isiyo yake. Nikabadilisha safu hiyo ikawa ya tarehe za thamani, na zile fomula, bila kuguswa, zikatoa 5,883.29. Kwa wanaopokea hundi nyingi huu ndio mlango mkubwa wa riba wasiyoielewa, na mfanyabiashara anayeweka hundi Alhamisi jioni badala ya Jumatano hulipia wikendi nzima bila kujua.

Kwenye 456,000 ukitoa 240,000 zinabaki 216,000. Ni 591.78 kwa fedha.

Namba iliyobaki ilikuwa safi mno kuwa bahati. Kitu cha pekee kilichokuwa hakijaguswa ni ile tofauti kati ya riba mbili, asilimia 18 na 24, ambayo ni asilimia 6. Nikagawa 216,000 kwa asilimia 6, nikapata 3,600,000. Na 3,600,000 ni 600,000 mara siku sita. Mia sita elfu ni kikomo chetu. Siku sita ni kuanzia tarehe 10 hadi 15, siku zote ambazo kwa hesabu ya tarehe za thamani tulikuwa juu ya kikomo. Benki haikutoza asilimia 24 kwa ile laki moja iliyozidi. Iliitoza kwa deni lote la 700,000, kila siku tuliyopita mstari.

Nikaijaribu kinyumenyume ili nisijidanganye. Nikabadili safu ya D, kwamba deni likizidi kikomo lote lipate asilimia 24:

```
D3: =IF(C3>600000,C3*24%,C3*18%)/365
```

Jumla: 6,475.07. Senti kwa senti. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimeipata njia ya benki, si njia inayofanana nayo. Ni vitu viwili tofauti. Kufika karibu na namba ya benki kunaweza kuwa ajali, kama ilivyonitokea na tarehe 20. Kuifikia kamili, kwa kubadili jambo moja lenye maana, si rahisi kuwa ajali. Na kama una mwezi wa pili wa kujaribia, endesha fomula hiyo hiyo huko pia. Mimi niliendesha Mei, ambako hatukupita kikomo hata siku moja, na fomula zote mbili zikatoa namba ya benki ile ile, kama inavyotakiwa.

Sasa lilibaki swali ambalo Eksel haiwezi kulijibu: je, benki ilikuwa na haki ya kutoza hivyo? Jibu limo katika maneno ya barua. Barua nyingine husema riba ya juu itatozwa “kwa kiasi kinachozidi kikomo”. Nyingine husema kwamba kikomo kikipitwa riba ya juu itatozwa “kwa salio lote linalodaiwa”. Maneno machache tu yanatofautiana, na kwa mwezi wetu yalikuwa na thamani ya 591.78. Ya kwetu ilisema kiasi kinachozidi.

Barua niliyoandika ilikuwa ya nusu ukurasa. Sikutaja 1,249.32 hata kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya hiyo ilikuwa haki ya benki na ningejivunjia hoja mwenyewe. Nilitaja siku sita, deni la kila siku kwa tarehe ya thamani, riba iliyotozwa, riba iliyopaswa kutozwa, nikanukuu sentensi ya barua ya masharti, nikaambatisha jedwali la siku 30. Na nikaomba mchanganuo wao wa riba ya Juni: kwa kila siku, salio lililotumika na asilimia iliyotumika. Benki huwa nao, hauchapwi tu mpaka uombwe. Ukiwa nao huna haja ya kubishana juu ya jumla. Mnaweka majedwali mawili kando kwa kando na kutafuta siku ya kwanza ambayo hayafanani.

Ofisa aliyetupigia simu alikuwa mpole, na mwanzoni alitetea.

“Ukipita kikomo, riba ya adhabu inaingia, ndugu yangu. Mfumo ndivyo ulivyo.”

“Sikatai riba ya adhabu,” nikamwambia. “Nakuuliza inaingia kwa kiasi gani. Fungua tarehe 10, uniambie asilimia 24 imezidishwa na nini.”

Kikapita kimya, nikasikia kicharazio.

“Laki saba.”

“Na barua inasema?”

Aliomba apewe siku kadhaa. Akaunti ilikuwa imewekwa kwenye mfumo kwa aina ya riba isiyo yake, kosa la mtu aliyechagua mstari wa juu badala ya wa chini siku ovadrafti ilipofunguliwa. Ndiyo maana halikuonekana kwa miezi: akaunti isiyopita kikomo haihisi tofauti yoyote.

Njia hii ina mahali inapokwama, na ni vizuri kuyajua kabla hujapoteza jioni nzima. Asilimia ikibadilika katikati ya mwezi, fomula yenye 18% iliyoandikwa ndani yake itakudanganya. Weka safu ya asilimia ya kila siku. Riba isiyofuata mwezi wa kalenda, tuseme inayotoka tarehe 26 hadi 25, itakupa tofauti isiyo na kichwa wala miguu mpaka usogeze tarehe zako. Kampuni yenye akaunti kadhaa ambazo benki huzijumlisha kabla ya kutoza haiwezi kukaguliwa kwa akaunti moja. Na soma vizuri jina la mstari, maana wakati mwingine ada ya kusimamia ovadrafti hubebwa humo humo na riba, nayo haina uhusiano na masalio.

Tarehe 12 Agosti zilirudi 591.78. Mkurugenzi alifurahi na faili ikaelekea kabatini. Nikaiomba kwanza niangalie zile tarehe mbili: imeandikwa 12 Agosti, thamani 12 Agosti. Riba ya Juni ilikuwa imekatwa kwa thamani ya tarehe 1 Julai, na tangu siku hiyo 591.78 zisizo zetu zilikuwa sehemu ya deni letu, zikitozwa asilimia 18 kila usiku, kwa kuwa akaunti haikutoka kwenye deni kipindi chote hicho. Julai siku 31, Agosti siku 11, jumla siku 42: 591.78 × 18% × 42 ÷ 365 ni 12.26.

Mkurugenzi aliniuliza kama kweli naandika barua kwa ajili ya 12.26. Niliandika mistari miwili, nikaomba marejesho yapewe thamani ya tarehe 1 Julai. Walibadilisha tarehe, mfumo ukahesabu upya wenyewe, na katika taarifa ya Agosti kulikuwa na mstari mdogo wa 12.26 chini ya riba ya mwezi.